Kusawazisha milinganyo ya kuungua kwa methani, propani na ethanoli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye madaftari niliyosahihisha na kwa wanafunzi waliobaki darasani baada ya kipindi. Methani na propani huzoeleka mapema. Ethanoli ndiyo inayowaangusha wengi, hata wale waliokwisha kujua njia, kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko wenzake.

## Kabla ya kugusa namba

Kusawazisha mlinganyo maana yake ni nini hasa?

Ni kuhakikisha kwamba kila atomu iliyo upande wa kushoto wa mshale inaonekana pia upande wa kulia, isipungue wala isiongezeke. Kitu kinapoungua, atomu zake haziishi. Zinaachana na zilizokuwa zimeshikana nazo na kushikana na nyingine. Antoine Lavoisier aliliweka wazi jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1789: uzito wa vitu kabla ya mmenyuko ni sawa na uzito wa vitu baada yake.

Tazama methani ikiwa bado haijasawazishwa:

CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kushoto kuna haidrojeni 4, kulia kuna 2. Kwa maandishi haya, haidrojeni mbili zimepotea njiani. Oksijeni nazo ni 2 kushoto na 3 kulia, yaani moja imetokea pasipojulikana. Mlinganyo huu unataja vitu sahihi, lakini hesabu yake haiwezi kutokea.

Namba ya mbele na namba ndogo ya chini zinatofautianaje?

Namba ndogo ya chini ni sehemu ya jina la kitu chenyewe. H₂O ni maji. Ukiigeuza ikawa H₂O₂ ili upate oksijeni ya ziada, hujasawazisha chochote, bali umeyaondoa maji na kuweka peroksaidi ya haidrojeni, kitu kingine kabisa.

Namba ya mbele inasema ziko molekuli ngapi. 2H₂O ni molekuli mbili za maji, na namba hiyo inazidisha kila kilicho ndani ya fomula: haidrojeni 2 × 2 = 4 na oksijeni 2 × 1 = 2. Pasipo na namba mbele, hesabu moja. Katika kusawazisha, namba za mbele tu ndizo unazoruhusiwa kuzigusa.

Nitajuaje kitakachoandikwa upande wa kulia?

Kitu chochote chenye kaboni na haidrojeni tu, au kaboni, haidrojeni na oksijeni, kikiungua katika oksijeni ya kutosha hutoa kabonidayoksaidi na maji. Hivyo upande wa kulia wa methani, propani na ethanoli ni uleule: CO₂ + H₂O. Oksijeni isipotosha mambo hubadilika, na hilo lina swali lake karibu na mwisho wa ukurasa.

Upande wa kushoto, oksijeni huandikwa O₂ kwa sababu katika hewa atomu zake hutembea mbilimbili. Ukiandika O peke yake, jibu lako litakuwa na kosa hata kama hesabu imekaa sawa.

## Methani na propani

Nianze na elementi ipi?

Kaboni kwanza, kisha haidrojeni, na oksijeni mwisho. Mpangilio huu si wa kukariri tu, una sababu. Kaboni ya kulia inapatikana katika CO₂ peke yake, na haidrojeni ya kulia inapatikana katika H₂O peke yake, kwa hiyo kila moja inapangwa mara moja bila kuigusa nyingine. Oksijeni imo katika vitu vyote viwili vya kulia, ndiyo maana huwezi kujua unahitaji ngapi mpaka hivyo viwili vitulie. Tena kushoto iko katika O₂ ikiwa pekee. Ukibadilisha namba ya mbele ya O₂, hakuna elementi nyingine inayoyumba.

Nionyeshe methani hatua kwa hatua.

CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni ni 1 kushoto na 1 kulia, tunaiacha. Haidrojeni ni 4 kushoto, na kila molekuli ya maji hubeba 2, basi tunahitaji maji 2:

CH₄ + O₂ → CO₂ + 2H₂O

Sasa hesabu oksijeni zote za kulia: 2 kutoka CO₂ na 2 kutoka maji, jumla 4. Kila O₂ inaleta 2, kwa hiyo tunaweka 2 mbele yake:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Na propani?

Njia ni ileile, namba ndizo kubwa zaidi. Propani ni C₃H₈. Kaboni 3 zinadai CO₂ tatu. Haidrojeni 8 zinadai maji manne, kwa kuwa 8 ÷ 2 = 4:

C₃H₈ + O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Oksijeni za kulia: 3 × 2 = 6 kutoka CO₂, na 4 × 1 = 4 kutoka maji, jumla 10. Gawanya kwa 2, unapata 5:

C₃H₈ + 5O₂ → 3CO₂ + 4H₂O

Kosa ninalokutana nalo hapa ni kuandika 8H₂O. Mwanafunzi ameona haidrojeni 8 na kuweka 8 mbele ya maji, akasahau kwamba kila molekuli ya maji tayari imebeba haidrojeni mbili. Namba ya mbele ya maji ni nusu ya haidrojeni zilizo katika kinachoungua.

Nikianza na oksijeni nitakuwa nimekosea?

Hapana, ila utazunguka. Tuseme umeanza nayo katika propani. Unaona oksijeni 2 kushoto na 3 kulia, unaandika 3O₂ → 2CO₂ + 2H₂O ili zote ziwe 6. Kisha unagundua kaboni ni 3, unabadilisha CO₂ ziwe tatu, na oksijeni za kulia zinapanda hadi 8, kwa hiyo unarudi kuandika 4O₂. Halafu unafika kwenye haidrojeni, maji yanakuwa 4, oksijeni zinakuwa 10, na unarudi tena kuandika 5O₂. Umefika palepale, lakini oksijeni umeipanga mara tatu, na kila ukifuta na kuandika upya unajipa nafasi nyingine ya kukosea.

## Ethanoli

Kwa nini inaandikwa C₂H₅OH na si C₂H₆O?

Zote mbili zina atomu zilezile: kaboni 2, haidrojeni 6, oksijeni 1. C₂H₅OH imeandikwa hivyo ili ionyeshe kundi la OH, ambalo ndilo linaloifanya iwe alkoholi. Kwa kazi ya kuhesabu atomu, C₂H₆O inasoma vizuri zaidi. Nawashauri wanafunzi wangu waandike C₂H₆O pembeni ya karatasi kwa penseli, wahesabu kwa hiyo, kisha jibu la mwisho waliandike kwa C₂H₅OH.

Nionyeshe hatua zake.

C₂H₅OH + O₂ → CO₂ + H₂O

Kaboni 2 zinadai CO₂ mbili. Haidrojeni ni 5 + 1 = 6, zinadai maji matatu:

C₂H₅OH + O₂ → 2CO₂ + 3H₂O

Oksijeni za kulia: 2 × 2 = 4, ongeza 3 za maji, jumla 7. Mpaka hapa hakuna tofauti na propani. Tofauti ni hatua inayofuata. Ethanoli yenyewe imekuja na oksijeni 1 mfukoni, basi gesi ya oksijeni haihitaji kuleta zote 7. Inaleta zilizobaki: 7 − 1 = 6. Gawanya kwa 2, unapata 3:

C₂H₅OH + 3O₂ → 2CO₂ + 3H₂O

Hesabu ya mwisho: kushoto 1 + 6 = 7, kulia 4 + 3 = 7.

Nimepata 2C₂H₅OH + 7O₂ → 4CO₂ + 6H₂O. Mbona mwalimu ameweka alama ya kosa?

Hili ndilo kosa la ethanoli lenyewe, na linafaa kulitazama kwa karibu kwa sababu linaonekana kama jibu safi. Kaboni ni 4 pande zote. Haidrojeni ni 12 pande zote. Namba zote ni kamili. Mwanafunzi aliyeliandika hakukosea kugawanya wala kuzidisha.

Alichofanya ni hiki. Alipata oksijeni 7 kulia, akagawanya kwa 2 moja kwa moja bila kutoa ile 1 ya ethanoli, akapata 3½. Kwa kuwa alikwisha kufundishwa kuondoa nusu, akazidisha kila kitu kwa 2. Kuzidisha huko kukaficha kosa, maana namba kamili humfanya mtu aamini kwamba kazi imekwisha.

Hesabu oksijeni zote utaliona. Kushoto: 2 ndani ya ethanoli mbili na 14 ndani ya 7O₂, jumla 16. Kulia: 8 ndani ya CO₂ na 6 ndani ya maji, jumla 14. Zimezidi mbili kushoto, nazo ndizo zile oksijeni mbili za ethanoli ambazo hazikuhesabiwa. Kwa hiyo ukipata nusu katika ethanoli, usikimbilie kuzidisha. Rudi kwanza uangalie kama uliitoa oksijeni yake.

Mimi hesabu yangu imenipa maji mawili na nusu. Nimekosea wapi?

Umehesabu haidrojeni 5 na kuisahau ile iliyo ndani ya OH. Macho hukimbilia H₅ kwa sababu ina namba, na H ya mwisho haina.

Kuna njia rahisi ya kuligundua kosa hili: molekuli yenye kaboni, haidrojeni na oksijeni tu, kama hizi za darasani, ina haidrojeni za idadi shufwa, yaani inayogawanyika kwa 2. Ukipata haidrojeni 5, 7 au 9, simama. Umeruka moja mahali fulani. Nusu inayokubalika hutokea kwenye O₂, kamwe si kwenye maji.

## Nusu na namba zinazotatiza

Je, kuna wakati ambapo nusu ni halali?

Ndiyo, ingawa methani, propani na ethanoli hazikuonyeshi. Chukua butani, C₄H₁₀. Kaboni zinadai CO₂ nne, haidrojeni zinadai maji 5, na oksijeni za kulia ni 8 + 5 = 13. Ni idadi witiri, na butani haina oksijeni yake ya kutoa. Unapata 6½:

C₄H₁₀ + 6½O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Hapo zidisha kila namba ya mbele kwa 2, bila kuisahau hata moja:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Methanoli, CH₃OH, nayo ina nusu ya kweli. Kulia kuna oksijeni 2 + 2 = 4, toa 1 ya methanoli, zinabaki 3, gawanya kwa 2 ni 1½. Baada ya kuzidisha inakuwa 2CH₃OH + 3O₂ → 2CO₂ + 4H₂O. Kwa hiyo nusu yenyewe si ushahidi wa kosa. Kinachoamua ni hesabu ya mwisho ya atomu.

Naweza kuiacha nusu bila kuzidisha?

Swali likisema usawazishe kwa namba kamili, zidisha. Ila ukifika kwenye mada ya joto la mmenyuko utaona nusu zikiachwa makusudi. Joto la kuungua hupimwa kwa moli moja ya kinachoungua, hivyo mlinganyo wake huanza na C₄H₁₀ moja, na O₂ inabaki kuwa 6½. Hapo nusu inamaanisha nusu moli ya oksijeni, si molekuli iliyokatwa vipande viwili.

Nikiandika 2CH₄ + 4O₂ → 2CO₂ + 4H₂O ni kosa?

Atomu zimelingana, kwa hiyo si uongo. Lakini namba zote zinagawanyika kwa 2, na desturi ni kuandika uwiano mdogo kabisa. Gawanya kwanza, ndipo uandike jibu.

Kuna njia ya mkato ya kujua O₂ ni ngapi?

Ipo. Kwa molekuli yenye kaboni x, haidrojeni y na oksijeni z, idadi ya O₂ ni x + y/4 − z/2. Propani: 3 + 2 − 0 = 5. Ethanoli: 2 + 1½ − ½ = 3. Mimi huifundisha baada ya hatua, si kabla yake, maana z/2 ndiyo ileile oksijeni ya ethanoli inayosahaulika. Asiyejua kwa nini inatolewa huisahau hata ndani ya fomula.

## Kukagua jibu

Nitahakikishaje kabla ya kukabidhi karatasi?

Hesabu atomu za kila elementi upya, kushoto kisha kulia, na uzihesabu kutoka kwenye mlinganyo ulioandika, si kutoka kwenye kumbukumbu yako ya hatua. Anza na oksijeni, kwa kuwa ndiyo iliyopangwa mwisho na ndiyo inayobeba makosa yote ya nyuma.

Ukiwa na muda, kagua kwa uzito. Tumia C = 12, H = 1, O = 16. Katika ethanoli, moli moja ya C₂H₅OH ni gramu 46 na moli 3 za O₂ ni gramu 96, jumla 142. Kulia, 2CO₂ ni gramu 88 na 3H₂O ni gramu 54, jumla 142. Sasa jaribu lile jibu lenye 7O₂: kushoto 92 + 224 = 316, kulia 176 + 108 = 284. Tofauti ni gramu 32, uzito wa moli moja ya O₂ iliyozidi.

Katika propani 1 + 5 ni 6, lakini 3 + 4 ni 7. Mbona hazilingani?

Hazihitaji kulingana. Namba za mbele zinahesabu molekuli, na idadi ya molekuli huweza kubadilika katika mmenyuko. Kinachobaki kilekile ni idadi ya atomu. Molekuli sita zimevunjwa, na kwa atomu zilezile zimeundwa molekuli saba. Methani huwapotosha wengi hapa, kwa sababu 1 + 2 ni 3 na 1 + 2 ni 3, wakadhani ni kanuni.

## Maswali ya pembeni

Swali likisema oksijeni haitoshi, nifanye nini?

Soma limetaja kitu gani upande wa kulia. Katika uunguaji usio kamili, kaboni huishia kuwa kabonimonoksaidi, CO, ambayo ni gesi ya sumu isiyo na harufu, au masizi, C. Mara nyingi hivi vyote hutoka kwa pamoja na CO₂, kwa hiyo hakuna mlinganyo mmoja wa uunguaji usio kamili. Utasawazisha ule unaotajwa. Hatua hazibadiliki:

2CH₄ + 3O₂ → 2CO + 4H₂O

2C₃H₈ + 7O₂ → 6CO + 8H₂O

C₂H₅OH + 2O₂ → 2CO + 3H₂O

Angalia ethanoli tena. Oksijeni za kulia ni 2 + 3 = 5, toa 1 iliyo ndani yake, zinabaki 4, hivyo 2O₂. Hata hapa oksijeni yake lazima ihesabiwe.

Alama za (g) na (l) ni lazima?

Swali likizidai, ndiyo. Katika joto la kawaida la chumba, methani na propani ni gesi, (g), na ethanoli ni kimiminika, (l). O₂ na CO₂ ni gesi. Maji ndiyo yenye utata: ndani ya mwali ni mvuke, (g), lakini ikiwa joto la kuungua linapimwa kwa hali sanifu, maji huandikwa (l). Fuata swali linavyosema, na usibadilishe namba za mbele kwa ajili ya alama hizi.

Vitu huungua hewani, na hewa ina naitrojeni. Kwa nini haionekani kwenye mlinganyo?

Kwa sababu katika hesabu hizi za darasani tunaichukulia kuwa inaingia na kutoka ikiwa N₂ ileile. Ukiiandika pande zote mbili, unaweza kuifuta pande zote mbili. Inakuwa na maana pale unapoulizwa ujazo wa hewa. Mlinganyo wa propani unasema lita 1 ya gesi hiyo inahitaji lita 5 za oksijeni, zikipimwa katika joto na kanieneo sawa. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, basi gawanya 5 kwa 0.21: karibu lita 24 za hewa kwa kila lita ya propani.